Jumamosi ya watu 380: tulivyopanga upya zamu za njia ya maporomoko

Nilipokabidhiwa kitengo cha wageni katika hifadhi yetu, niliambiwa tatizo ni moja tu: watu wamezidi. Nikafungua daftari la langoni, nikapiga hesabu ya mwaka mzima, nikapata wastani wa watu 90 kwa siku. Njia ya maporomoko ni mzunguko wa mita 3,600. Mnapanda upande mmoja na kushuka upande mwingine. Watu 90 kwenye njia ndefu namna hiyo wanaweza hata wasionane. Sasa malalamiko yote yale yalikuwa yanatoka wapi?

Jibu nililipata Jumamosi moja nilipokaa kwenye jukwaa la kutazamia tangu alfajiri, daftari mkononi. Siku ile walipita watu 380, na 290 kati yao walifika kati ya saa 3 na saa 5 asubuhi. Mabasi ya makampuni huondoka mjini muda uleule, basi na kufika yanafika pamoja. Jukwaa lenyewe linachukua watu 20 kwa raha. Wa 21 anasubiri kwenye ngazi. Wa 40 hasubiri tena. Anavuka ukingo, anateremka kwenye udongo mbichi kutafuta pembe nzuri ya picha, na aliye nyuma yake anamfuata. Kufikia saa 5 mteremko ule ulikuwa umechimbika vishimo vya visigino, mizizi ya mti mmoja imebaki nje. Saa 7 mchana nilikuwa na wenzangu wawili tu pale jukwaani, na mmoja wao alikuwa amesinzia.

Kwa hiyo wastani wa 90 ulikuwa kweli na haukunisaidia kitu.

Mwenzangu mmoja alipendekeza tutumie mbinu ya Miguel Cifuentes ya kukadiria njia inaweza kubeba wageni wangapi, ile aliyoichapisha mwaka 1992 na ambayo hifadhi nyingi za Amerika ya Kusini zimeitumia. Unaanza na nafasi: kundi la watu 10, kila mtu mita moja, na mita 100 kati ya kundi na kundi. Kila kundi basi linachukua mita 110, na njia ya mita 3,600 inabeba makundi 32, yaani watu 320 kwa wakati mmoja. Kuzunguka kunachukua saa mbili na nusu, lango liko wazi kwa muda wa saa 10, kwa hiyo ni mizunguko minne: watu 1,280 kwa siku. Baada ya hapo unapunguza kwa sababu ya mvua, utelezi, jua kali, wanyama, na mwisho uwezo wa hifadhi wenyewe, kwa maana ya askari, vyoo na waongozaji. Ni mbinu ya heshima, lakini makato yale mnayachagua wenyewe. Mimi nilipata 210. Mwenzangu, kwa njia ileile na siku ileile, alipata 530. Tulitazamana tukacheka, tukaikunja karatasi.

Tukaamua kuanzia pale panapobana kwanza, yaani jukwaani. Mgeni hukaa pale kama dakika 20. Tukisema makundi yatoke langoni kila baada ya dakika 15, kundi moja la watu wasiozidi 10, basi hata yakikutana jukwaani hayazidi mawili, na watu hawazidi 20. Makundi manne kwa saa ni watu 40. Kiangazi tunatoa makundi kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 8 mchana, saa saba kamili, jumla watu 280. Masika mvua hunyesha alasiri, kwa hiyo la mwisho linatoka kabla ya saa 6 mchana, jumla watu 200. Kikomo chetu kikawa hicho, na mtu yeyote anayeuliza kimetoka wapi naweza kumwonyesha kwa kumsimamisha jukwaani dakika 20.

Wazo si geni. Wanaotembelea sokwe wa milimani huko Rwanda na Uganda huenda watu 8 kwa familia moja ya sokwe, mara moja kwa siku, wakakaa saa moja. Kikomo kile kimefungwa kwa mnyama na muda, hakikutokana na ukubwa wa msitu.

Vita halisi ilikuwa ya waongozaji. Hawa wanatoka vijiji vinavyopakana na hifadhi, na ndiyo sehemu ya utalii huu inayofika kijijini bila kupita mkono wa mtu mwingine. Malipo makubwa ya safari hubaki kwa makampuni ya mjini. Wawili kati yao zamani walikuwa wategaji, na leo wakiona kitanzi cha waya kando ya njia wanakikata kabla askari hajakiona. Nilipowaeleza kwamba Jumamosi tutatoka watu 380 na kushuka hadi 280, mzee wao alisimama akaniambia, “Kijana wangu, hao mia moja unaowarudisha ndio ada ya shule ya watoto wetu.”

Sikumjibu siku ile. Nilirudi na kalamu. Zamani makundi yalikuwa ya watu 25 hadi 30, kwa hiyo watu 380 walihitaji waongozaji 14 hivi. Mwongozaji hulipwa kwa kundi, halipwi kwa kichwa. Watu 280 katika makundi ya 10 ni makundi 28, maana yake safari 28 za kulipwa. Nikamwomba ahesabu mwenyewe. Akahesabu mara mbili kwa vidole, kisha akauliza swali ambalo mimi sikuwa nimeliwaza: “Na bakshishi?” Alikuwa na haki. Kundi la 10 hutoa bakshishi ndogo kuliko kundi la 28, na waliozoea kuongoza makundi makubwa walipungukiwa kweli miezi ya mwanzo. Waliofaidika zaidi ni vijana waliokuwa wakikaa langoni siku nzima bila zamu. Wauzaji wa vitu langoni nao walipoteza wateja wa Jumamosi, na kwao sikuwa na hesabu ya kuwafariji. Tulichofanya ni kuhamishia safari za shule siku za Jumanne hadi Alhamisi na kupunguza kiingilio siku hizo. Biashara yao ikasambaa kwenye wiki, ingawa Jumamosi yao haijarudi ilivyokuwa.

Mwezi wa kwanza wa zamu ulikuwa aibu. Makampuni yalishika nafasi zote za asubuhi mapema, kisha nusu hayakutokea, na huku tunafukuza watu langoni kwa kusema kumejaa. Mmoja wa tuliowarudisha alikuwa bibi wa kijiji cha jirani aliyeleta wajukuu wake waone maporomoko ambayo yeye alikuwa akiyasikia usiku tangu azaliwe. Baada ya hapo nafasi zikawa na majina, na asiyeghairi saa 48 kabla anapoteza malipo yake. Sehemu moja ya tano ya nafasi haiuzwi kabisa hadi asubuhi ya siku yenyewe, kwa wanaokuja kwa miguu.

Kuhusu njia yenyewe nilijifunza jambo lililonivunja moyo kidogo. Tuliweka pointi 24, moja kila mita 150, na kila mwisho wa mwezi askari anapima upana wa ardhi tupu kwa futikamba na kuhesabu njia za panya zinazochepuka. Nilitegemea kwamba watu wakipungua upana utapungua. Haukupungua. Watafiti wa njia za milimani, akina David Cole huko Marekani, walishalieleza hili zamani: madhara makubwa huletwa na nyayo za mwanzo. Watu wachache wa kwanza wanaua majani na kushindilia udongo. Wanaofuata baadaye wanaongeza kidogo kidogo. Kwenye njia iliyokwisha kuwa tupu, kutoka 380 kwenda 280 ni tofauti ambayo futikamba haiioni.

Pointi ya 9 ilinifundisha vizuri zaidi. Pale upana ulikuwa sentimita 310 wakati jirani zake mbili ni sentimita 120. Tulikwenda siku ya mvua tukakaa. Maji yalishuka katikati ya njia yakafanya dimbwi, na kila mgeni alilizunguka kwa kukanyaga majani ya pembeni ili viatu visilowe. Kesho yake dimbwi lilikuwa limehamia pale walipokanyaga. Hata watu 50 kwa siku wangeipanua sehemu ile. Tukachimba mfereji wa kutoa maji upande wa bondeni, tukalaza magogo mawili ya kukinga maji kwa mshazari juu yake, tukapanga mawe ya kukanyaga katikati. Pembeni tukatupa matawi makavu yenye miiba, maana mgeni hasomi kibao lakini mwiba anauelewa. Baada ya masika mbili pointi ya 9 ilisoma sentimita 160 na majani yalikuwa yameanza kushika. Jukwaani, kwenye mteremko, kupanga zamu kulitosha, kwa kuwa sababu ya watu kuvuka ukingo ilikuwa foleni.

Ndiyo maana siku hizi mtu akinipa tatizo namuuliza kwanza kama ni la msongamano au la udongo. La kwanza linatibiwa kwa saa, la pili kwa jembe.

Kosa langu kubwa hata hivyo sikuliona ndani ya njia ile. Wale waliokosa nafasi hawakurudi nyumbani. Kuna chemchemi upande wa magharibi, iko ndani ya hifadhi lakini haina lango wala jukwaa, na zamani ilikuwa ikipata wageni wachache kwa mwezi. Makampuni yakaanza kuwapeleka huko waliokosa zamu, na wiki sita baadaye askari wa doria akaniambia kuna njia mpya. Nilikwenda. Ilikuwa mstari wa kahawia wa mita 400 katikati ya nyasi, na kwenye ukingo wa maji, pale swala walipokuwa wakinywa, kulikuwa na alama za soli na kifuniko cha chupa. Nilikuwa nimechukua watu kutoka ardhi iliyokwisha kuharibika, ambako nyayo mia zaidi hazionekani, nikawapeleka kwenye ardhi nzima, ambako nyayo hamsini zinatosha kuanzisha njia.

Tungeweza kuifunga. Tulijaribu kwa mwezi mmoja, na watu wakaingia kwa nyuma bila mwongozaji, jambo baya zaidi. Sasa chemchemi ina makundi mawili kwa siku, watu 6 kila moja, kiangazi tu, na hawakaribii maji zaidi ya mita 30. Mstari wa pili uliokuwa umeanza kuchepuka tuliuziba kwa matawi. Tumeweka pointi nne na tunazipima kila wiki badala ya kila mwezi, kwa kuwa kwenye njia changa mwezi ni muda mrefu. Tulikubaliana tangu mwanzo kwamba pointi yoyote ikizidi sentimita 60 makundi yanasimama hadi tujue sababu. Wiki iliyopita pointi ya tatu ilisoma sentimita 64. Makundi yamesimama, mzee wa waongozaji hajafurahi, na kesho asubuhi mimi na yeye tunakwenda kuangalia maji yanashukia wapi.