Siku moja maishani mwangu: fildi kwenye dawati la wateja wa intaneti, Kigoma

Nyumbani wanasema kazi yangu ni kupokea simu. Simu napokea, ila kazi yenyewe ni kuamua tatizo lipi nilimalize mwenyewe na lipi nilipandishe kwa wakubwa, na nikilipandisha niwe na ushahidi mkononi. Hii ni siku yangu ya jana.

Saa 2 asubuhi. Napokea zamu na kusoma tiketi, yaani kumbukumbu za matatizo ya wateja, zilizolala wazi. Mpaka saa 4 nimeshafunga za kawaida: nywila za waifai zilizosahaulika, vifurushi vilivyoisha, ruta iliyochomolewa umeme na mtoto.

Saa 4 na robo. Anapiga mama mwenye steshenari kule Ujiji, anayewajazia vijana maombi ya mikopo ya chuo. Amekasirika, na ana haki.

"Mwanangu, kila nikipiga mnaniambia nizime niwashe. Nimezima, nimewasha. Watoto wa watu wamepanga foleni hapa, fomu zinakatikia katikati!"

"Pole sana mama. Leo hatuzimi kitu. Naomba unisomee taa za ruta."

Kwenye tiketi niliandika maneno yake yale yale, "fomu zinakatikia katikati", kwa sababu intaneti inayokatika-katika na intaneti isiyokuwepo kabisa ni magonjwa mawili. Intaneti yetu inasafiri kama mwanga ndani ya kebo. Kama taa ya LOS ingekuwa nyekundu, maana yake mwanga haufiki kabisa, na tiketi ningeipandisha papo hapo. Yake ilikuwa imezimika, na taa ya PON, inayoonyesha ruta imeungana na mtandao wetu, imetulia kijani. Kwa macho, ruta nzima.

Nikamwomba achomeke kompyuta kwa waya, ili waifai isitusumbue, kisha aandike amri hizi moja baada ya nyingine. Tulizitamka herufi kwa herufi, huku akiwatuliza wateja wake na kunigombeza mimi kwa zamu.

```
ping -n 50 192.168.1.1
ping -n 50 8.8.8.8
```

Kila amri inatuma vipande 50 vya data na kuhesabu vinavyorudi. Ya kwanza inaishia kwenye ruta yake, navyo vilirudi vyote 50. Ya pili inatoka nje, na ilipoteza 9. Kwa hiyo kompyuta na waya wa dukani havina kosa. Shida inaanzia kwenye ruta kwenda nje.

Hapo wengi wangepandisha: mteja mmoja, mtandao dhaifu, fundi aende. Mimi nikafungua kwanza kipimo cha mwanga unaoingia kwenye ruta yake. Kinasomwa kwa dBm, na namba ikizidi kushuka chini ya sifuri mwanga ni hafifu zaidi. Siku ya kufungiwa kilisomeka -21.6 dBm, sasa -28.4. Aina ya vifaa tunavyotumia mwisho wake ni -27, chini ya hapo data inaanza kuharibika njiani. Ukipiga hesabu ya tofauti hiyo, mwanga unaomfikia ni takriban moja ya tano ya ule wa mwanzo.

Sasa swali likawa: ni waya wa kwake, au ni kitu kabla yake? Spilita inayomlisha inagawa mwanga kwa nyumba 8. Nikaangalia majirani zake mmoja mmoja, na wote walikuwa wameshuka karibu kiasi kile kile tangu juzi jioni. Hawakulalamika kwa sababu wao walianza na mwanga mwingi zaidi, wakashukia -25 au -26, bado wanavuka. Spilita nyingine za njia hiyo hiyo hazikuguswa. Basi hitilafu iko kwenye kebo inayoingia spilita ile au kwenye kisanduku chake, si kwa mama.

Nikapandisha tiketi kama ya wateja 8, nikaambatanisha vipimo vya zamani na vya sasa. Kaka mkubwa wa zamu aliisoma, akauliza kitu kimoja tu: "Spilita za jirani umeziangalia?" Nikamwonyesha. Akawatuma mafundi kwenye kisanduku moja kwa moja, badala ya kumpeleka mtu dukani akabadilishe ruta isiyo na kosa. Nilifurahi, siwezi kuficha.

Mchana wote sikumbuki saa. Simu juu ya simu, wali umepoa mezani, koo limekauka, na mama anapiga tena kuulizia. Kila akipiga naandika kwenye tiketi ile ile, sifungui nyingine, ili anayefuata asianze naye upya.

Jua linaelekea ziwani, mafundi wakapiga: kifuniko cha kisanduku kiliibana kebo inayoingia, ikakunjika vibaya na mwanga ukavujia kwenye kona hiyo. Wakailegeza na kuipanga upya. Kipimo cha mama kikarudi -21.8, na cha majirani wote kikapanda.

Tiketi sikuifunga. Nilimpigia kwanza, akajaza fomu moja mpaka mwisho nikiwa kwenye simu. "Imeingia, mwanangu." Nikaandika hivyo, nikafunga, nikamkabidhi wa usiku zamu na tiketi nne zilizobaki.