Kupanga mkunjo wa levo: naanza na idadi ya mapambano, pointi baadaye

Ninapotengeneza gemu ya zamu, sianzi kwa kuamua levo ya 50 idai pointi ngapi. Naanza kwa kuamua mchezaji apigane mara ngapi ili atoke levo moja kwenda nyingine. Pointi za uzoefu anazisoma kwenye skrini na kuzisahau, lakini mapambano yanamla muda, na hayo ndiyo atakayoyalalamikia.

Mkunjo ninaoupendekeza kwa anayejifunza ni ule unaotumiwa na kundi moja la viumbe wa Pokémon, kwa kuwa hauna kona nyingi. Jumla ya pointi za kufikia levo fulani ni levo hiyo mara levo hiyo, mara levo hiyo tena. Levo ya 10 ni pointi 1,000, ya 50 ni 125,000, na ya 100 ni milioni moja kamili.

```
def jumla(n):
    return n ** 3

def pengo(n):
    return jumla(n + 1) - jumla(n)
```

Ukiendesha `pengo` utaona kwamba kutoka levo ya 10 kwenda ya 11 unahitaji pointi 331, kutoka 50 kwenda 51 unahitaji 7,651, na kutoka 99 kwenda 100 unahitaji 29,701. Ukitazama tarakimu hizo peke yake utadhani hatua ya mwisho ni nzito mara 90 kuliko ile ya kwanza. Sivyo, kwa sababu adui naye anapanda bei.

Katika matoleo ya mwanzo ya Pokémon, pambano la kawaida hulipa thamani ya msingi ya adui mara levo yake, kisha unagawa kwa 7. Tuchukue adui mwenye thamani ya 70, ili alipe pointi 10 kwa kila levo aliyonayo, na tuseme anapigana na mshindi mmoja tu (wakiwa wengi, malipo hugawanywa). Adui wa levo ya 10 analipa 100, kwa hiyo mapambano manne yanatosha. Wa levo ya 50 analipa 500, nawe unahitaji 16. Wa levo ya 99 analipa 990, na mapambano 30 yanakuacha na upungufu wa pointi moja! Itabidi upigane la 31.

Kwa hiyo kazi imeongezeka kama mara nane, si mara 90. Pengo linakua takriban kwa mraba wa levo, malipo yanakua kwa levo yenyewe, na ukigawa kimoja kwa kingine kinachobaki bado kinapanda. Hapo ndipo ukuaji unapopungua kasi hata kwa anayepigana na wa saizi yake. Akibaki kwenye pori la mwanzo, mambo ni mabaya zaidi: adui wa levo ya 10 angempa mchezaji wa levo ya 99 kazi ya mapambano 298.

Kuna upungufu mwingine ambao hauonekani kwenye pointi. Kiumbe mwenye nguvu ya msingi ya 100, bila nyongeza nyingine, ana nguvu 25 akiwa levo ya 10 na 27 akifika ya 11. Akiwa levo ya 50 ana 105, kisha 107. Nyongeza ni ileile mbili, ila mwanzoni ni asilimia 8 na baadaye haifiki asilimia 2. Mchezaji analipa zaidi na anahisi kidogo. Ndiyo maana kwenye levo za juu naweka mbinu mpya au silaha mpya, namba peke yake haitoshi.

Nikishapata idadi ya mapambano ninayotaka, mfano manne kwenye levo ya 10 na kumi kwenye levo ya 30, naizidisha kwa malipo ya adui wa eneo hilo na kupata pengo. Jumla inajijenga yenyewe kutoka hapo.

Kabla ya kuendelea napima levo ya 1, maana fomula zenye kutoa huharibika hapo. Kundi jingine la Pokémon hutumia mkunjo huu:

```
6*n**3 // 5 - 15*n**2 + 100*n - 140
```

Kwa levo ya 1 jibu ni hasi 54. Kizazi cha kwanza kilihifadhi pointi kwenye baiti tatu zisizojua hasi, hivyo namba hiyo ikasomeka 16,777,162. Kiumbe wa levo ya 1 hapatikani humo kwa njia ya kawaida, lakini aliyempata kwa hitilafu na kumpa pointi chini ya 54 alimwona akiruka moja kwa moja hadi levo ya 100. Mimi huandika 0 kwa levo ya 1 kwa mkono, kisha naangalia kwamba kila pengo linalofuata ni kubwa kuliko sifuri.