Sikuvuta shisha, lakini nami nilikutwa na gesi ya makaa yake

Jumamosi tulikuwa sita sebuleni, madirisha tumeyafunga kwa ajili ya kiyoyozi, makaa mekundu juu ya shisha. Mimi sivuti, ila kichwa kilianza kugonga. Binamu yangu, aliyekuwa anavuta, aliinuka tu akaanguka. Tukamtoa nje, tukamkimbiza hospitali.

Kipimo cha oksijeni cha kidoleni kilimsomea asilimia 98, nikashusha pumzi. Daktari akasema tusikiamini: hakitofautishi oksijeni na gesi ya sumu ya kaboni monoksaidi iliyonasa kwenye damu, mpaka damu yenyewe ipimwe. Gesi hiyo hutoka kwenye makaa, haina harufu, na maji ya shisha hayaichuji. Binamu aliwekewa oksijeni kwa barakoa saa kadhaa. Nami nilipimwa, nikakutwa nayo. Jamani, pembeni yangu alikuwa amelala mtoto wa dada.