GB 3 kwa wiki nzima: nilivyoibana runinga inayokula hotspoti ya simu

Niliponunua runinga janja ya inchi 32 hapa Morogoro, kijana wa dukani aliniambia: "Kaka, usiwe na wasi na bando. Ingia YouTube ya simu, weka Data saver, halafu washa hotspoti." Nikafanya hivyo hivyo. Jioni ileile nikawafungulia watoto katuni, nikatoka nje kumalizia kazi ya bomba. Nilikuwa sijafunga hata spana ya mwisho, mwanangu akanifuata: "Baba, picha inazunguka tu." Kuangalia simu, meseji imeshaingia kwamba bando limekwisha. GB 3 za wiki, kama elfu saba na kitu hivi, zimekwenda kwa saa moja na nusu.

Ushauri ule bado unaniudhi, kwa sababu nimeusikia tena kwa watu wengi na hauna msaada wowote. Data saver ya YouTube ya simu inaibana YouTube ya simu peke yake. Runinga ina YouTube yake, na ikiunganishwa na hotspoti inaiona kama waifai ya kawaida. Haijui kwamba nyuma yake kuna bando lenye kikomo. Ubora umewekwa Auto, kwa hiyo inapima kasi, ikikuta 4G imekaa vizuri inavuta picha kubwa kadiri skrini yake inavyoweza.

Shemeji yangu akaja na lake: "Shusha simu iwe 3G, runinga itakosa kasi na itajishusha yenyewe." Hili lilinivutia, maana lina mantiki. Kama kasi inayopita ni megabiti 1 kwa sekunde, kwa saa nzima haiwezi kupita zaidi ya MB 450 hivi. Nikaijaribu siku tatu. Saa moja usiku, mtaa mzima uko mtandaoni, picha ikawa inacheza dakika mbili na kuganda moja, watoto wakakata tamaa wakaenda kulala. Saa tano usiku nikakaa mwenyewe kuangalia mahojiano, picha ikawa safi kabisa, nikafurahi. Asubuhi nikakuta zaidi ya GB 1 haipo. Mtandao ulikuwa umepungua watu, 3G ikawa na kasi ya kutosha, na Auto ikapanda tena hadi 720p. Kwa hiyo 3G inakubania pale unapohitaji kuangalia, halafu inakuachia pale ulipodhani umebanwa. Niliirudisha 4G siku ileile.

Ndipo nikaamua kupima badala ya kukisia. Kwenye simu za Android, ukiingia kwenye matumizi ya data utakuta mstari wa Hotspot & tethering, tofauti na programu nyingine. Nikaandika namba iliyopo, nikacheza video ile ile dakika kumi, nikasubiri kidogo maana namba huchelewa kubadilika, nikaandika tena. Auto ilikula kama MB 330, yaani karibu GB 2 kwa saa. Nikaingia alama ya gia kwenye YouTube ya runinga, nikachagua Quality, kisha 480p: MB 90 hivi kwa dakika kumi, kama MB 540 kwa saa. Tofauti kubwa sana, na kwa skrini ya inchi 32 ukiwa umekaa hatua nne hivi, watoto hawakuona chochote kilichobadilika.

Tatizo ni kwamba kwenye runinga yangu chaguo lile halikai. Video ikiisha, inayofuata inaanza na Auto. Mtoto wa miaka minne hawezi kuingia kwenye gia kila baada ya dakika saba, na mimi siwezi kukaa na rimoti mkononi jioni nzima. Netflix iko afadhali hapo: ukiingia kwenye akaunti yako kwa kivinjari, kwenye Playback settings za profaili, ukichagua Low, na runinga nayo inatii, na matumizi yanakuwa kama MB 300 kwa saa. Lakini sisi ni watu wa YouTube.

Sasa njia iliyoniokoa. Watu wengi wakisema "nairusha kwenye TV" wanachanganya vitu viwili. Ukibonyeza ile alama ya kurusha iliyo ndani ya YouTube, simu inaipa runinga kiungo tu, na runinga inaivuta video yenyewe kutoka mtandaoni kwa ubora inaoutaka. Utaijua kwa sababu unaweza kuzima skrini ya simu na video ikaendelea. Hata video uliyokwisha kuipakua kwenye simu, ukiirusha hivyo runinga inaivuta upya.

Kuakisi skrini ni kitu kingine. Unashusha paneli ya juu ya simu, unachagua Smart View, Screen Cast au Cast kutegemea simu, na kwenye runinga unafungua Screen Mirroring. Hapo simu ndiyo inayovuta video, kisha inatuma picha ya skrini yake hadi kwenye runinga moja kwa moja kwa mawimbi ya waifai. Safari hiyo ya kutoka simu hadi runinga haigusi bando hata kidogo. Hotspoti nikaizima kabisa. Na sasa ile Data saver ya kijana wa dukani ikawa na kazi, kwa kuwa YouTube inayocheza ni ya simu na simu iko kwenye data ya laini. Mimi nimeweka 360p. Dakika kumi, MB 50. Kwa hesabu hiyo GB 3 zinanipa saa kumi, na sisi tunaangalia saa moja na robo kwa siku.

Faida nyingine niliiona baadaye: runinga ikiwa haina intaneti haijipakulii masasisho ya programu wala haichezi vionjo vya video kwenye ukurasa wa mwanzo. Zamani nilikuwa nazima kwa rimoti na kuacha hotspoti imewaka, kumbe runinga iliyolala ilikuwa bado imeshika mtandao. Usiku mmoja ilikula MB 200 na ushee, hakuna mtu sebuleni.

Njia hii ina mipaka yake, na ni vizuri uijue kabla hujanunua kitu. Si kila simu wala kila runinga ina kuakisi, kwa hiyo dukani omba waijaribu na simu yako mwenyewe. Programu za filamu za kulipia nyingi huonyesha skrini nyeusi kwa sababu ya ulinzi. Skrini ya simu lazima ibaki imewaka, kwa hiyo chaja iwe karibu, na meseji zako zote zitatokea ukutani mbele ya wageni usipowasha Do not disturb. Maandishi madogo kwa 360p hayasomeki. Taarifa ya habari yenye mistari ya chini naipandisha 480p.

Siku nikiihitaji simu mkononi kwa kazi na siwezi kuiacha mezani, narudi kwenye hotspoti, lakini kwanza naingia kwenye mipangilio yake na kuweka kikomo cha MB 500. Ikifika hapo inajikata yenyewe. Mke wangu alilalamika mara ya kwanza ilipokata katikati ya tamthilia, nikamwonyesha salio: MB 1,900 na ilikuwa Alhamisi. Bando letu linaisha Jumapili.