Maswali niliyouliza kabla ya kumkabidhi mtu uso wangu

Chunusi zangu zilipotulia ziliniachia madoa meusi mashavuni na kwenye taya, na vichwa vyeusi vilivyojazana puani na kidevuni. Dawa ya kupaka niliyoandikiwa na daktari wa ngozi, adapalini, ilikuwa ikifanya kazi yake polepole, nami nikataka kuongezea feshali ya saluni: vichwa vyeusi vikamuliwe na madoa yapunguzwe kwa asidi nyepesi.

Kilichonifanya niwe mwangalifu ni kwamba ngozi nyeusi ikiungua, hata kidogo, hujibu kwa kutoa weusi zaidi. Asidi ikikaa kupita muda wake, au mtu akikukamua kwa kucha, unaweza kurudi nyumbani na doa kubwa kuliko lile ulilolipeleka, na likachukua miezi kufifia. Kwa hiyo kabla ya kupanga miadi yoyote nilipiga simu.

Swali langu la kwanza lilikuwa hili: kabla hamjanigusa, mtataka kujua nini kunihusu? Niliuliza hivyo makusudi, kwa sababu ukimwuliza mtu "mna usafi?" au "mna uzoefu?" atakujibu ndiyo tu.

Saluni ya kwanza walinijibu, "Wewe njoo tu dada, ngozi zote tunazimudu." Nikauliza ni asidi gani wanatumia na ina nguvu ya asilimia ngapi. Jibu likawa kwamba ni dawa yao wanayochanganya wenyewe, na kwamba nitang'aa siku hiyohiyo. Nilishukuru nikakata simu. Krimu ya kopo lisilo na maandishi inayong'arisha mtu ndani ya siku chache mara nyingi huwa na steroidi kali kama klobetasoli, au haidrokwinoni, au zebaki. Steroidi hulainisha uso haraka, lakini ukiendelea nayo ngozi inakuwa nyembamba, na ukiiacha chunusi na wekundu hurudi kwa hasira. Zebaki hupenya kwenye ngozi ikaingia mwilini na kudhuru figo. Kwa macho na pua huwezi kuijua, na asiyeweza kukuonyesha lebo hana njia ya kukuhakikishia kuwa haimo.

Saluni ya pili, dada aliyepokea simu ndiye aliyegeuka muulizaji. Natumia dawa gani usoni? Je, katika miezi sita iliyopita nimemeza isotretinoini, vile vidonge vikali vya chunusi? Nina mimba au nanyonyesha? Huwa natokwa na vipele vya homa mdomoni? Kuna kitu kinachonidhuru? Nilipotaja adapalini aliniambia niiache siku 5 kabla, nisinyoe uso wala kung'oa vinyweleo kwa nta wiki hiyo. Sababu yake ilikuwa nzuri: dawa hiyo huifanya tabaka ya juu ya ngozi iwe nyembamba, na asidi ambayo mwenzio anaivumilia inaweza kukuchoma wewe. Asidi yake ilikuwa ya glaikoliki, asilimia 20, ndani ya chupa ya kiwandani. Akanitaka nije kwanza kujaribiwa tone dogo nyuma ya sikio, kisha tungoje saa 48.

Siku ya jaribio niliitumia kukitazama chumba. Nilitazama mikono yake zaidi ya mapambo ukutani. Alinawa kwa sabuni, akavaa glavu mpya, akachota krimu kwa kijiti kidogo cha plastiki. Alipohitaji kuongeza, alikitupa kile kijiti na kuchukua kingine. Inaonekana jambo dogo, lakini anayezamisha vidole koponi, anagusa uso wako, kisha anarudisha vidole koponi, anamwachia mteja anayekufuata vijidudu vyako, kama wewe ulivyoachiwa vya aliyekutangulia. Nilimwuliza kuhusu sindano za kutobolea vichwa vyeupe. Akanionyesha pakiti zilizofungwa, moja kwa mteja mmoja, na chombo kigumu cha kuzitupia. Vifaa vyake vya chuma vilichemshwa kwa mvuke wa shinikizo ndani ya otoklevu. Kile kisanduku cha taa ya buluu ninachokiona kwenye saluni nyingi hakitoshi kuua vijidudu vyote. Kazi yake ni kuhifadhi vifaa ambavyo tayari ni safi.

Suala la sindano nalichukulia kwa uzito mkubwa. Mwaka 2024, CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, ilitoa ripoti ya wateja wa spa moja isiyo na leseni katika jimbo la New Mexico walioambukizwa VVU, na chanzo kinachoelekea zaidi ni feshali ya damu, ile ya kuchomwa visindano usoni kisha kupakwa damu yako mwenyewe. Huduma yoyote inayotoa damu naihesabu kuwa ya kitabibu, na pasipo mtu mwenye leseni ya kuifanya sikai kitandani.

Nyuma ya sikio hapakutokea kitu, tukaendelea. Nilitarajia mvuke, lakini dada alisema siku ya asidi hafukizi, maana joto huifanya asidi ipenye zaidi. Alinisafisha uso mara mbili, akapaka vaselini pembeni mwa macho, pua na midomo, akaweka saa mezani mahali ninapoiona. Asidi alianzia paji la uso. Kila baada ya muda mfupi aliniuliza, "Kutoka sifuri hadi kumi, inachoma kiasi gani?" Mwanzoni ilikuwa mtekenyo tu, mbili au tatu. Dakika ya pili ikapita, na kando ya pua upande wa kushoto ikapanda hadi sita. Hakuniambia nivumilie. Alipazima pale pale kwa maji ya kuzimulia asidi, akaacha sehemu nyingine zimalizie dakika ya tatu, kisha akasuuza uso wote kwa maji ya baridi. Mtekenyo ni wa kawaida. Mchomo unaozidi kupanda, au ngozi kugeuka nyeupe kama imepakwa majivu, ni alama kwamba glaikoliki imezama kuliko ilivyokusudiwa, na hapo unasema "ondoa" bila kuona haya.

Kukamua kulifuata, puani na kidevuni tu. Alizungushia vidole vyake tishu, akabonyeza taratibu kutoka pembeni. Kichwa kisichotoka kwa jaribio la pili alikiacha. Tayani nilikuwa na uvimbe mmoja wenye maumivu, nikamwomba aukamue. Akakataa: hauna mdomo, ukibanwa utapasukia ndani na kuacha kovu. Alimalizia kwa maski ya kupoza, krimu ya unyevu, na kinga ya jua ya SPF 30.

Jioni nilikuwa na wekundu uliofifia kesho yake, halafu siku chache za kubanduka magamba madogo ambayo nilijizuia kuyavuta. Sikusugua kwa skrabu, sikutoka juani bila kinga, na adapalini niliirudia magamba yalipoisha kabisa. Dada alinipa orodha ya mambo ya kunipeleka kwa daktari moja kwa moja: malengelenge, uvimbe wa macho au midomo, usaha, au maumivu yanayoongezeka baada ya siku ya pili.

Nilipouliza kama nilipie mizunguko sita kwa pamoja, alinijibu nilipie huo mmoja tu. Baada ya wiki 4 angeitazama ngozi kwanza, na ikiwa yale madoa yamezidi weusi hata kidogo, hagusi asidi tena.