Jinsi nilivyofupisha kanuni za mitihani zikaingia kwenye karatasi moja ya wasimamizi

Kanuni za chuo chetu zina kurasa 40 na zaidi, msimamizi wa chumba hazisomi, ukweli ndo huo. Muhula uliopita mmoja alimkuta dada mmoja na kikaratasi, akamnyang'anya kijitabu cha majibu akamtoa nje, tena akamwambia umefeli. Rufaa ilipokuja chuo kikashindwa, maana kanuni inasema msimamizi anaripoti tu, adhabu ni ya kamati.

Mwanzo nilifupisha sura kwa sura, ikawa bure kabisa. Baadae nikaanza upya nikapitia kila sentensi yenye "lazima" au "ndani ya", nikajiuliza nani anafanya, anafanya nini, saa inaanza kuhesabu lini. Hapo kwenye saa ndo kulikuwa na shida. "Rufaa ndani ya siku 7", sawa, lakini toka lini? Sura ya rufaa kimya, jibu lilikuwa kwenye tafsiri ya maneno huko mwanzoni: siku za kazi, toka mwanafunzi apokee barua. Akipokea Ijumaa tunahesabu toka Jumatatu, mwisho Jumanne ya wiki ya pili, kama hakuna sikukuu.

Ile kesi kwenye karatasi yangu sasa inasomeka hivi: chukua kikaratasi, andika saa kwenye kijitabu, mpe kijitabu kipya aendelee, ripoti iliyosainiwa ifike ofisi ya mitihani ndani ya saa 24. Namba ya kifungu nimeiweka pembeni, maana wakibishana wanarudi kwenye kanuni yenyewe, sio kwangu.