Siku moja maishani mwangu: soko la Ulaya likifungua niko kazini

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Donholm. Kabla ya chai nafungua chati ya EURUSD, yaani bei ya yuro kwa dola, ya dakika 15. Ni Julai, kwa hiyo London na Frankfurt zitafungua masoko yao ya hisa saa nne yetu, na mimi saa hiyo huwa nimekaa na vitabu vya hesabu vya bosi. Kuchungulia simu chini ya meza sikutaki. Oda lazima iwekwe kabla sijatoka nyumbani.

Natafuta bei ya juu na ya chini tangu Tokyo ianze saa tisa usiku. Leo ni 1.1712 na 1.1692, pointi 20 tu, soko limelala. Zikipita 40 siweki chochote, kwa sababu Stop Loss, bei inayonitoa kwa hasara, ingekaa mbali mno. Jana bei ilikuwa ikipanda, basi nanunua tu: Buy Stop, oda ya kununua bei ikipanda hadi hapo, 1.1715, Stop Loss 1.1690, Take Profit, bei ya kufunga kwa faida, 1.1745. Zile pointi tatu za juu ni muhimu. Chati yangu inachora bei ya kuuzia, ilhali oda ya kununua huamshwa na bei ya kununulia, ambayo iko juu kidogo. Akaunti ina dola 500 na nahatarisha dola 5, kwa hiyo pointi 25 zinanipa ukubwa wa oda wa loti 0.02, senti 20 za dola kwa kila pointi. Muda wa oda kuisha naandika 12:00, yaani saa sita mchana. Isiponaswa hadi hapo, ifutike yenyewe.

Saa mbili na nusu niko kwenye matatu, Jogoo Road imeshikana.

Saa tatu kasoro dakika tano, mlangoni mwa ofisi, naangalia mara ya mwisho. Bei ingekuwa imeshavunja ukingo wowote mapema, 1.1712 au 1.1692, ningefuta oda. Bado imo ndani. Naweka simu kwenye droo.

Saa saba, chakula cha mchana. Oda ilinaswa saa nne na dakika kumi na mbili. Ninachokagua kwanza ni mshumaa ule wa dakika 15, mchoro wa bei ya kipindi hicho: umefungia 1.1721, juu ya ukingo. Ungefungia chini ya 1.1712, huo ungekuwa mruko wa uongo na ningetoka mara moja. Hiyo ndiyo bei ya kutokuwepo: mruko wa uongo ukitokea saa nne, mimi naujua saa saba, na pengine Stop Loss imeshanitoa.

Bei sasa ni 1.1731. Saa tisa na nusu Marekani inatoa takwimu za mfumuko wa bei, nami nitakuwa kwenye mkutano. Nafunga: pointi 16, dola 3.20.

Saa mbili usiku naandika daftari, kisha naweka kengele ya Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Ulaya itarudisha saa nyuma, Kenya haibadilishi. Seva ya broka wangu hufuata saa za Ulaya, kwa hiyo ufunguzi utaendelea kuandikwa 10:00 kwenye chati, lakini Nairobi itakuwa saa tano, na oda ya 12:00 itaisha saa saba kamili, wakati ndio nashika simu.